Sera ya Ununuzi Inaanzia Kwenye Leja Yako

Sera nyingi za ununuzi katika asasi ndogo zimenakiliwa. Mfadhili ameomba kuiona sera, mkurugenzi ameazima ya asasi jirani, jina likabadilishwa, bodi ikapitisha. Ndani yake mna bodi ya zabuni na afisa ugavi ambao asasi haina, pamoja na viwango vya fedha vilivyowekwa na mtu asiyejua mnanunua nini. Mwaka ukiisha, mkaguzi anadai nyaraka zilizotajwa kwenye sera, hazipo, na mnaandikiwa hoja kwa kuvunja masharti ambayo hamkuyahitaji tangu mwanzo.

Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuandika sera yako mwenyewe, iwe unaendesha asasi ya kiraia, SACCOS, shule binafsi au kituo cha afya cha taasisi ya dini. Ofisi za umma nchini Tanzania haziko huru kujipangia: zinafuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na kanuni zake, na zabuni zao hupitia mfumo wa NeST. Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2015. Asasi binafsi hujiwekea utaratibu wenyewe, ila mkataba wa mfadhili unaweza kuwa na masharti yake. Kwa hiyo andika kifungu kimoja kifupi mapema kabisa: pale ambapo sera hii na mkataba wa mfadhili vinatofautiana, sharti lililo kali zaidi ndilo litakalofuatwa.

Kabla ya kuandika kifungu kingine chochote, mwombe mhasibu akutolee kwenye leja manunuzi yote ya mwaka uliopita. Ondoa mishahara, posho, kodi ya pango, umeme na maji, kwa sababu hivyo havishindanishwi. Yaliyobaki yapange kutoka dogo hadi kubwa, kisha tazama yanakusanyika wapi.

Tuchukue asasi ya mfano yenye ofisi Morogoro na watumishi sita: mkurugenzi, meneja wa miradi, maafisa miradi wawili, mhasibu, na mtunza ofisi ambaye pia ana funguo za stoo. Leja yao inaonyesha manunuzi 240 yenye thamani ya shilingi milioni 180. Kati ya hayo, 150 ni ya chini ya shilingi 200,000, na yote kwa pamoja hayazidi milioni 12. Mengine 70 ni kati ya laki mbili na milioni mbili, jumla milioni 48. Kisha kuna 16 ya kati ya milioni mbili na milioni kumi, jumla milioni 64, na manne tu ya zaidi ya milioni kumi, jumla milioni 56.

Hapo viwango vinajionyesha vyenyewe. Manunuzi 20 yamebeba milioni 120, yaani theluthi mbili ya fedha zote. Hayo ndiyo yanayostahili nukuu tatu, kamati na saini za juu. Yale 150 madogo, ukiyadai nukuu tatu kila moja, utakuwa umeagiza karatasi 450 ili kulinda milioni 12, na wala hutazipata: watu watazitengeneza. Nimeshaona mafaili ya namna hiyo, nukuu tatu nyuma ya kila katoni ya karatasi, zote zimeandikwa siku moja baada ya bidhaa kufika. Kiwango kilichowekwa chini mno hufundisha ofisi nzima kughushi, na mkono uliozoea kughushi kwenye karatasi za laki moja hautashindwa kwenye milioni tisa.

Asasi yetu ya mfano basi ingeandika hivi. Hadi shilingi 200,000, hakuna nukuu; mnunuzi anatumia masurufu, analeta risiti ya EFD, na meneja wa miradi anaidhinisha kabla fedha haijatoka. Zaidi ya 200,000 hadi 2,000,000, nukuu mbili za maandishi na idhini ya mkurugenzi. Zaidi ya 2,000,000 hadi 10,000,000, nukuu tatu za maandishi, mapendekezo ya kamati ya ununuzi, na idhini ya mkurugenzi. Zaidi ya 10,000,000, zabuni inayotangazwa au kupelekwa kwa wazabuni wasiopungua watano, bahasha zinazofunguliwa siku moja mbele ya kamati, na idhini ya mkurugenzi pamoja na mhazini wa bodi. Ngazi nne zinatosha. Zaidi ya hapo, watu watakuwa wanafungua sera kila asubuhi kuangalia wako ngazi gani.

Viwango havina maana mpaka useme kinachopimwa ni nini. Andika waziwazi kwamba kiasi kinachohesabiwa ni gharama yote ya hitaji, pamoja na usafiri, ufungaji na kodi. Bidhaa ya shilingi 1,850,000 kabla ya VAT inaonekana iko ngazi ya pili, lakini ukiongeza asilimia 18 inafika 2,183,000, na sasa iko ngazi ya tatu. Sera isiyosema neno kuhusu kodi inamwachia mnunuzi achague hesabu inayompa kazi nyepesi.

Kibaya zaidi ni ununuzi kukatwa vipande. Mtu anahitaji vifaa vya karibu milioni nane. Anaandika maombi manne ya shilingi 1,950,000, wiki hii mawili na wiki ijayo mawili, kwa duka lilelile. Kila ombi lina nukuu zake mbili na saini zake, na faili ukilitazama moja moja halina kasoro. Kifungu cha kuzuia jambo hili kiandikwe kwa kutaja muda: mahitaji ya aina moja yanayoweza kutabirika ndani ya miezi mitatu, au yanayotoka kwenye bajeti ya shughuli moja, yatahesabiwa kuwa ununuzi mmoja. Ukiandika tu kwamba kugawa manunuzi ni marufuku, kila mtu atasema hakugawa, aliishiwa tu. Kumgundua anayegawa nako si kazi ngumu. Kila robo mwaka, mhazini apange leja kwa jina la muuzaji, kisha kwa tarehe, na aangalie kiasi kilichokaa chini kidogo ya mpaka. Malipo mengi ya 1,900,000 na 1,980,000 katika ofisi yenye mpaka wa milioni mbili yanahitaji maelezo.

Wakati mwingine anayegawa hana nia mbaya. Dizeli, karatasi, wino wa printa na chakula cha semina hununuliwa mara kwa mara kwa viasi vidogo, na kwa kifungu cha miezi mitatu vingepaswa kushindanishwa kila mara. Dawa yake ni makubaliano ya mwaka. Mara moja kwa mwaka mnashindanisha mahitaji yote ya dizeli kwa ngazi inayolingana na jumla yake, mnachagua kituo kimoja au viwili, mnakubaliana jinsi bei itakavyopangwa, kisha kila safari inahitaji hati ya kuagiza tu. Kwa asasi yetu ya Morogoro hatua hii peke yake ingepunguza sana yale manunuzi 70 ya ngazi ya pili.

Tukija kwenye nukuu zenyewe, idadi ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko kwenye swali la nani ameziomba, na ameziomba vipi. Anayehitaji kitu akipewa pia kazi ya kutafuta nukuu, ataenda kwa fundi anayemjua na kumwambia amsaidie na mbili nyingine. Fundi atazileta jioni hiyohiyo. Ndiyo maana sera iagize kwamba ombi la nukuu liandikwe mara moja, lenye maelezo yaleyale ya bidhaa, tarehe ileile ya mwisho na anuani ileile ya kurudishia majibu, lipelekwe kwa wauzaji wote siku moja na mtu asiyekuwa mwombaji. Majibu yaende kwenye barua pepe inayosomwa na watu wawili, au kwenye bahasha zilizofungwa.

Mwenye jukumu la kupitia nukuu ajifunze kutambua zile zilizotoka mkono mmoja. Makosa ya herufi yanafanana, kwa mfano neno lilelile limekosewa kwenye karatasi zote tatu. Bidhaa zimepangwa kwa mfuatano uleule ingawa ombi halikuzipanga hivyo. Namba ya simu ya duka la pili ndiyo ya duka la tatu. Dalili ninayoiamini zaidi ni ya bei: chukua kila mstari wa nukuu ya pili, ugawe kwa mstari unaolingana nao kwenye ya kwanza. Maduka mawili ya kweli hutofautiana ovyo, hili lina bei nafuu kwenye misumari na lile kwenye rangi. Ukikuta kila mstari umepanda kwa asilimia ileile, mtu alikaa mezani na kikokotoo. Chukua simu umpigie muuzaji wa pili kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, umuulize kama aliwahi kutoa nukuu hiyo. Hakikisha pia TIN na leseni ya biashara ya kila mmoja ni vyake.

Itatokea kwamba wauzaji watatu wameombwa na wawili tu wamejibu. Sera isiyotaja hali hii inawasukuma watu kutengeneza ya tatu. Andika kwamba ushahidi wa kuomba, pamoja na tarehe na majina, unatosha iwapo walioombwa ni watatu au zaidi na angalau wawili wamejibu ndani ya muda. Pale ambapo muuzaji ni mmoja tu, kama vile wakala pekee wa vipuri vya mashine mnayomiliki, mwombaji aandike sababu yake, na idhini ipande ngazi moja juu ya ile ya kawaida. Dharura nayo ipate maana finyu: hatari kwa maisha, afya au mali ambayo haikuweza kujulikana mapema. Bajeti inayokaribia kufungwa tarehe 30 mwezi huu haiingii hapo, kwani tarehe hiyo ilijulikana tangu mkataba uliposainiwa.

Sasa mgawanyo wa majukumu, ambapo asasi ndogo hukata tamaa na kusema watu hawatoshi. Wanatosha, mradi uache kufikiria vyeo na ufikirie jozi zisizopaswa kukutana kwa mtu mmoja katika ununuzi mmoja. Anayeomba asiidhinishe. Anayekusanya nukuu asiwe na kura ya kuchagua mshindi. Anayeagiza asipokee mzigo. Anayepokea asilipe. Anayelipa asiwe mtu pekee anayelinganisha vitabu na taarifa ya benki. Kila jozi kati ya hizi inafunga mlango wake. Anayeagiza na kupokea mwenyewe, kwa mfano, anaweza kusaini kwamba mifuko mia ya saruji imefika huku themanini tu ikishushwa, na hakuna karatasi itakayompinga.

Kwa ngazi ya kwanza, watu wawili wanatosha: aliyenunua na aliyeidhinisha. Kuanzia ngazi ya tatu zipange jozi zote. Tuufuate ununuzi mmoja wa asasi yetu, madawati 80 kwa shule ya msingi.

Afisa miradi wa kwanza ndiye mwenye mradi, kwa hiyo ndiye anayejaza ombi la ununuzi. Anaandika idadi, mahali pa kufikisha, na maelezo ya kitu chenyewe: mbao ngumu zilizokauka, unene wa inchi moja, fremu ya chuma cha mraba, rangi ya kuzuia kutu. Mhasibu anathibitisha kwamba fungu la bajeti lipo na lina kiasi gani. Meneja wa miradi anasaini kwamba hitaji ni la kweli. Kisha karatasi inakwenda kwa afisa miradi wa pili, asiyehusika na mradi huo, naye ndiye anayepeleka maombi ya nukuu kwa mafundi na kukusanya majibu.

Nukuu tatu zinarudi, bei zote zikiwa pamoja na usafiri na kodi: shilingi 85,000 kwa dawati, 95,000 na 110,000. Kamati inaketi ikiwa na meneja wa miradi, afisa wa kwanza kwa ajili ya maelezo ya kitaalamu, na mjumbe mmoja wa bodi. Afisa wa pili anawasilisha nyaraka, hapigi kura. Fundi wa 85,000 hakutaja aina ya mbao wala unene wake. Kamati inamwandikia kuomba ufafanuzi, anajibu kwamba atatumia paini ya robo tatu inchi. Basi hakutimiza vigezo, na mwenye 95,000 anapendekezwa. Muhtasari wa kikao unaeleza sababu hiyo kwa sentensi mbili, nazo zinatosha, kwa kuwa vigezo viliandikwa kabla bei hazijajulikana. Vingeandikwa baadaye, hata uamuzi wa haki ungeonekana umepikwa. Mkurugenzi anaidhinisha shilingi 7,600,000, na hati ya kuagiza inatoka, ikiwa imetaja malipo ya awali ya asilimia 30, yaani 2,280,000.

Siku ya kufika, anayepokea ni mtunza ofisi akiwa na mwalimu mmoja wa shule ile. Mkononi ana nakala ya hati ya kuagiza, ili alinganishe anachokiona na kilichoagizwa. Anayepokea akiwa na karatasi ya fundi peke yake atahesabu tu kile fundi alichoandika. Madawati 80 yameshushwa, lakini sita yana mbao nyembamba. Hati ya mapokezi inaandikwa 74 yamekubaliwa na sita yamerudishwa, fundi anasaini, mwalimu anasaini. Hati hiyo inakwenda moja kwa moja kwa mhasibu, haipitii mikononi mwa afisa aliyeagiza.

Mhasibu anaweka karatasi tatu mezani: hati ya kuagiza, hati ya mapokezi na ankara. Ankara inadai 80. Hati ya mapokezi inasema 74. Anayoweza kulipa ni 74 kwa 95,000, yaani 7,030,000. Akitoa malipo ya awali, inabaki 4,750,000. Fundi akileta mengine sita mazuri, analipwa 570,000 iliyobaki. Bila hati ya mapokezi kutoka kwa mtu mwingine, asasi ingelipa yote, na watoto wangekalia dawati linalovunjika kabla ya mwaka kuisha.

Malipo yenyewe yanapofanyika benki kwa mtandao, mhasibu anaanzisha, na mkurugenzi pamoja na mhazini wanaidhinisha. Hapa kuna udhaifu usioonekana kwenye karatasi: nywila ya mkurugenzi kuandikwa kwenye daftari la mhasibu, au simu inayopokea namba za uthibitisho kuachwa ofisini kwa sababu mkurugenzi yuko safarini. Saini mbili zimekuwa za mtu mmoja, na benki haiwezi kujua. Sera itaje kwamba kumpa mwingine nywila au laini ya simu ya kuidhinishia ni kosa la kinidhamu, na wakati huohuo itoe njia ya halali: barua ya kukaimisha yenye jina, tarehe ya kuanza na kuisha, na kiwango cha juu cha fedha. Anayekaimu asiidhinishe maombi aliyoyaandika mwenyewe kabla ya kukaimu.

Vilevile kuna ujumbe unaokuja kwa jina la muuzaji ukisema akaunti yetu imebadilika, tumeni fedha kwenye namba hii. Mabadiliko hayo yathibitishwe kwa kupiga simu kwenye namba iliyokuwa kwenye faili kabla ujumbe haujafika, na anayethibitisha asiwe yule anayeanzisha malipo.

Mkurugenzi naye ana mahitaji yake. Kompyuta yake, matengenezo ya gari analolitumia, vyote vinaombwa kwa karatasi ileile, na vinaidhinishwa na mhazini au mwenyekiti wa bodi. Kuhusu undugu na biashara, kila anayegusa ununuzi wa ngazi ya tatu na ya nne asaini tamko la maslahi kwa ununuzi huo mahususi. Tamko la jumla la mwaka halisaidii, kwa kuwa mwezi Januari hakuna aliyejua kwamba shemeji yake angeomba kazi ya Agosti. Mwenye uhusiano anatoka kwenye kikao, na muhtasari unaandika kwamba alitoka.

Taarifa ya benki ya kila mwezi mhazini aipate kutoka benki yenyewe. Nakala iliyochapishwa na mhasibu isitumike. Achague malipo matano yoyote, aombe mafaili yake na ayafuate kurudi nyuma hadi kwenye ombi la ununuzi.

Rasimu ikikamilika, usiipeleke bodi bado. Chagua manunuzi kumi ya mwaka jana, mawili au matatu kutoka kila ngazi, uyapitishe kwenye sera mpya kwa kuandika jina la mtu halisi kwenye kila hatua. Jina moja likitokea pande zote mbili za jozi iliyokatazwa, rekebisha kabla watu hawajalazimika kuivunja. Hatua ikikosa mtu, mpe kazi hiyo mjumbe wa bodi kwa jina, au iondoe. Kisha weka tarehe ya mapitio, miezi kumi na miwili baadaye, na siku hiyo fungua leja tena: bei zikiwa zimepanda na yale manunuzi 16 ya ngazi ya tatu yamekuwa 40, mpaka wa milioni mbili umeshapitwa na wakati, na bodi ndiyo yenye mamlaka ya kuusogeza.